«Bure» ya fonti haiko bure kwa kazi ya kiliya

Ukitembea leo Butembo, Bunia, Bukavu ao Lubumbashi, utaona maandishi mazuri kila fasi: kwenye milango ya maduka, kwenye banderoli za ndoa na mazishi, kwenye mifuko ya kahawa, kwenye tisheti za kampeni na kwenye vitabu vya shule. Wachoraji wetu wa ordinateri, wale tunaoita magrafisti, wamepiga hatua kubwa. Lakini kuna swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza, si grafisti, si emprimeri, si kiliya anayelipa: umbo la herufi hizo ni la nani, na nani alitoa ruhusa ya kulitumia?

Ninazungumzia fonti, ile ambayo wengi katika emprimeri zetu wanaita polisi, ingawa haihusu askari hata kidogo. Fonti haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyekaa miezi, wakati mwingine miaka, akichora A, kisha B, kisha namba, kisha alama zote za kuandikia, akapima nafasi kati ya kila herufi na mwenzake. Kisha akaiweka sokoni kwenye interneti, katika masoko kama MyFonts ao Creative Market, ao kwenye ukurasa kama DaFont ambako nyingi zinapakuliwa bila kulipa. Juu ya kila fonti kuna tangazo fupi. Tangazo hilo linasema mambo matatu: mtindo wa herufi, ruhusa ya kuzitumia, na aina ya fishie utakazopata.

Maoni yangu ni haya: tangazo hilo ni mkataba, na sisi tunalisoma kama vile ni picha. Tunaangalia mtindo, tunaona neno «free», tunapakua. Mambo mengine mawili tunayaruka, na hayo ndiyo yanayoweza kumuumiza kiliya wetu.

Maneno manne yanayosahauliwa

Fonti nyingi ambazo vijana wetu wanatumia zina alama hii kwenye ukurasa wake: `Free for personal use`. Maana yake ni kwamba ni bure kwa matumizi ya kibinafsi. Unaweza kuandika nayo kadi ya sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wako, ao kujifunza nayo kazi. Lakini siku unapoitumia katika kazi ambayo mtu anakulipa, ao katika kitu kitakachouzwa, umetoka nje ya ruhusa hiyo. Neno la kwanza, «free», linasomwa na wote. Maneno matatu yanayofuata hayasomwi na mtu.

Alama nyingine ni `Demo`. Hiyo ni kionjo tu, kama vile muuza jibini anavyokukatia kipande kidogo uonje. Mara nyingi mwenye fonti ameondoa namba, ao herufi zenye alama juu yake, ao herufi za kupendeza zaidi, ili ukiipenda uende kununua fonti kamili. Alama ya `100% Free` ni tofauti, na ile ya `Public domain / GPL / OFL` ni tofauti tena. Kwa mtu mwenye haraka, zote zinafanana, kwa sababu kitufe cha kupakulia ni kimoja.

DaFont yenyewe inawaonya watu kwamba alama hiyo iliyo juu ya kitufe ni ya kuelekeza tu, na kwamba ruhusa ya kweli inapatikana katika fishie ya maandishi iliyo ndani ya ZIP, ao kwa mwenye fonti mwenyewe. Fishie hiyo ndogo, inayoitwa mara nyingi `readme.txt` ao `License.txt`, ndiyo ya kwanza kutupwa tunapofungua ZIP. Tunabeba fonti, tunaacha karatasi yake. Ni sawa na kununua kiwanja, kuchukua funguo na kuacha hati mezani kwa muuzaji.

Mashirika yetu, makanisa yetu na shule zetu wana jibu moja wanalolipenda: sisi hatufanyi biashara. Ni kweli. Lakini shirika si mtu binafsi. Wenye fonti wengine wanalikubali shirika lisilo na faida, wengine hapana, na wengine wanaomba uwaandikie kwanza. Hakuna sheria moja kwa wote. Jibu liko ndani ya ile fishie iliyotupwa.

Mfano wa mfuko wa kahawa

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Ni mfano wa kubuni, lakini kila hatua yake inaweza kutokea katika mji wetu wowote.

Ushirika wa wakulima wa kahawa kando ya ziwa Kivu unataka kuuza kahawa iliyokaangwa, katika mfuko wake wenyewe wenye jina lake. Wanampa kazi grafisti kijana. Yeye anatafuta herufi za mkono, zinazoonekana kama zimeandikwa kwa brashi, anapata moja nzuri sana. Tangazo lake linasema: mtindo `Brush script`, ruhusa `Free for personal use`, fishie moja ya TTF. Anapakua, anaandika jina la ushirika, anatengeneza logo. Wakulima wanafurahi. Emprimeri inatoa mifuko 4,000.

Kosa la kwanza limekwisha kufanyika: mfuko unauzwa, kwa hiyo kazi ni ya biashara. Ilimpasa grafisti kurudi kwenye tangazo na kufuata njia ya kununua ruhusa ya biashara, ambayo kwa fonti ya namna hiyo, tuseme, ni dola 20. Mfuko mmoja tuseme ni nusu dola. Kama siku moja ushirika unalazimishwa kubadilisha herufi, mifuko 4,000 ni dola 2,000 zilizotupwa, bila kuhesabu logo mpya, mihuri mipya na barua mpya. Dola 20 zilizookolewa upande mmoja zinaweza kuwa dola 2,000 upande mwingine, na anayelipa si grafisti. Ni mkulima.

Sasa tuseme grafisti alikuwa mwangalifu, akanunua. Je, yote yamekwisha? Hapana, maana ruhusa yenyewe iko ya namna nyingi. Ile ya kawaida inaitwa `Desktop`. Inaruhusu kuweka fonti katika ordinateri, na kutengeneza nayo logo, vitabu, banderoli na picha. Mara nyingi inahesabu ordinateri ao watumiaji: mmoja, watano, kumi. Ukinunua kwa mtu mmoja, huwezi kuiweka katika mashine zote za emprimeri.

Mwaka unaofuata, ushirika unafungua tovuti ili wanunuzi wa Ulaya waione. Mtengeneza tovuti anataka vichwa vyote viandikwe kwa herufi zilezile za mfuko. Hapo ruhusa ya `Desktop` haitoshi tena. Logo ikiwekwa kwenye tovuti kama picha, kwa kawaida hakuna shida. Lakini fishie ya fonti yenyewe ikipandishwa kwenye tovuti ili iandike maneno mapya kila siku, hiyo inaomba ruhusa nyingine inayoitwa `Webfont`, na masoko mengine yanaihesabu kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa na wageni. Ukitaka kuiweka ndani ya programu ya simu, kuna ruhusa ya `App`. Kwa kitabu cha elektroniki, iko ingine tena.

Kuna hatua ya mwisho ambayo wengi hawaijui hata wakinunua. Katika masoko mengine ruhusa ya bei ndogo inaweka kikomo cha vitu vinavyouzwa: tuseme vitu 500. Mfuko wa 501 uko nje. Kwa wingi zaidi wanaomba ruhusa pana, inayoitwa mara nyingi `Extended`. Ushirika wenye mifuko 4,000 ungepaswa kujua hilo kabla ya kuchagua herufi, wala si kisha kuchapisha. Huenda grafisti angesema: fonti hii ni nzuri, lakini kwa kazi hii ni ghali, tuchukue nyingine.

Waliofundisha wengine wakaangukia humo

Mtu asifikiri kwamba hayo ni mambo ya sisi maskini tu. Ufaransa, mwanzoni mwa mwaka 2010, mamlaka mpya iliyoitwa HADOPI ilionyesha logo yake. Kazi ya mamlaka hiyo ilikuwa kupambana na watu wanaopakua muziki na filamu bila ruhusa ya wenyewe. Kwa siku chache tu, wajuzi wa herufi waliitambua fonti ya logo hiyo: iliitwa Bienvenue, ilichorwa na Jean-François Porchez kwa ajili ya kampuni moja peke yake, France Télécom. Haikuwa inauzwa kwa mtu mwingine yeyote. Mlinzi wa haki za waandishi alikuwa amevaa herufi za mtu mwingine bila ruhusa. Ikawa lazima logo itengenezwe upya kwa herufi nyingine.

Kisa hicho kinatufundisha mambo mawili. La kwanza, kosa lilitokea katika kampuni ya wachoraji, lakini aibu ilimwangukia kiliya. La pili, wenye herufi wanazitambua kazi zao. Wewe na mimi tunaona «herufi nzuri», lakini aliyechora anaona mkia wa g yake, kama vile mama anavyomtambua mtoto wake kwa mbali sokoni.

Fishie: OTF, TTF, WOFF na safari ya WhatsApp

Sehemu ya tatu ya tangazo inaonekana kama ufundi mtupu, lakini nayo ina matokeo ya kweli. TTF na OTF ni fishie za kuweka katika ordinateri. Kwa kazi za kila siku zote mbili zinafaa. Tofauti kubwa iko ndani, katika namna mistari ya kupinda inavyohifadhiwa. Tangazo likikupa zote mbili, weka moja tu. Ukiweka zote zenye jina moja, programu inaweza kuchanganyikiwa, na utashangaa kuona mistari inahama kila unapofungua kazi. WOFF na WOFF2 ni kwa ajili ya tovuti tu, zimebanwa ili zifunguke haraka hata kwa interneti dhaifu. Hauwezi kuandika nazo katika Word.

Kuna tovuti za bure zinazogeuza TTF kuwa WOFF kwa sekunde chache. Watu wanafikiri kwamba kwa kuwa inawezekana, basi inaruhusiwa. Lakini ruhusa nyingi za `Desktop` zinakataza kugeuza fishie. Kama tangazo halikutaja WOFF kati ya fishie zake, hiyo si kusahau: mara nyingi ni alama kwamba hukununua haki ya tovuti.

Shida kubwa zaidi hapa kwetu ni safari ya WhatsApp. Grafisti wa Bunia anamaliza kazi katika CorelDRAW, anaituma kwa emprimeri ya Butembo. Kule hawana fonti ile, na mashine inaweka Arial mahali pake. Jina la harusi lililokuwa limepinda kama maua linatoka limesimama kama tangazo la kodi. Emprimeri inapiga simu: «Tutumie polisi yako.» Grafisti anaituma kwa WhatsApp. Kisha wiki moja iko katika mashine kumi, na hakuna hata moja yenye ruhusa.

Dawa yake ni rahisi na haiombi feza. Kabla ya kutuma, geuza herufi ziwe michoro. Katika Illustrator ya Kifaransa kitendo hicho kinaitwa `Vectoriser`. Katika CorelDRAW unageuza maandishi kuwa mikunjo. Tangu hapo herufi ni picha ya mistari, haziombi fonti tena, na emprimeri yoyote itazitoa sawasawa. Angalisho moja: maandishi yaliyogeuzwa hayawezi kusahihishwa tena kwa kuandika. Kwa hiyo chunga kwanza nakala ya asili, kisha tuma ile iliyogeuzwa. Kwa kitabu chenye kurasa nyingi, tuma PDF, maana PDF yenyewe inabeba ndani yake herufi zilizotumika.

Mtindo pia unaweza kudanganya

Hata sehemu ya mtindo, ambayo tunadhani tunaisoma vizuri, tunaisoma nusu. Neno `Script` linakuambia kwamba herufi ni za mkono. `Serif` ni herufi zenye miguu midogo, kama za vitabu. `Sans serif` hazina miguu. `Display` ni za vichwa vikubwa, usiandike nazo ukurasa mzima, wasomaji watachoka macho. Lakini angalia pia idadi ya uzito. Tangazo likisema `Regular` peke yake, maana yake hakuna herufi nene ya kweli. Ukibonyeza B ya Word, programu inanenepesha tu ile nyembamba kwa nguvu, na matundu ya a na e yanajaa wino kwenye karatasi. Ikiwa kazi inataka vichwa vinene na maneno ya kulala, tafuta tangazo linalotaja `Regular`, `Bold` na `Italic`.

Jambo lingine linatuhusu sisi Wakongomani zaidi ya wengine: lugha zetu. Picha ya tangazo karibu kila mara inaandikwa kwa Kiingereza, lugha isiyotumia alama juu ya herufi. Kiswahili nacho hakina shida, herufi zake ni za kawaida. Lakini kazi nyingi hapa ni za Kifaransa, na Kifaransa kinaomba é, è, ê, ç, œ. Kilingala kikiandikwa kwa kanuni zake kinaomba ɛ na ɔ, na pengine alama ya sauti juu yake: ɛ́, ɔ́. Fonti nyingi za kupendeza hazina hizo.

Utajuaje? Alama za kukosa herufi ni mbili. Ya kwanza ni kisanduku kitupu mahali pa herufi. Hiyo ni afadhali, maana inaonekana. Ya pili ni mbaya zaidi: programu inaazima herufi ile kutoka fonti nyingine bila kukuambia. Katika neno «École» É inatoka nyembamba na imesimama, wakati wenzake ni wanene na wamepinda. Kwenye kioo kidogo hauoni. Kwenye banderoli ya mita tatu mji mzima unaona.

Kwa hiyo, kabla ya kupakua, tumia kisanduku cha kujaribia ambacho kiko kwenye masoko mengi. Usiandike jina lako. Andika mstari huu:

```
École Façade cœur Noël ɛ ɔ ɛ́ ɔ́ 0123456789 $ €
```

Ukiona kila kitu kinatoka kwa mtindo mmoja, endelea. Ukiona pengo, tafuta nyingine, ao hakikisha kwamba kazi yako haihitaji herufi hiyo. Ni kazi ya nusu dakika.

«Nani atakuja kunishitaki Butembo?»

Najua jibu litakalonirudia. Mwenye fonti anakaa Indonesia ao Ufaransa. Nani atapanda ndege kuja kushitaki ubao wa duka la chakula? Nitajibu bila kuficha: kwa ubao wa duka, karibu hakuna. Nisiwatishe watu kwa hatari isiyokuwapo.

Lakini kazi zetu hazibaki tena mtaani. Kahawa inaenda Ulaya na mfuko wake. Programu ya simu inawekwa katika duka la programu ambalo linaonekana dunia nzima, na mwenye haki anaweza kuandika malalamiko hapo bila kusafiri. Kitabu cha shule kinacholipwa na wafadhili kinakaguliwa. Mara kazi inapovuka mpaka, ile fonti ya bure inavuka nayo. Na kisheria hatuna kisingizio: Congo ina sheria yake ya haki za mwandishi tangu tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, na ni mwanachama wa mapatano ya Berne yanayolinda kazi za waandishi wa inchi nyingine.

Kuna pia jambo la haki. Magrafisti wetu wanalalamika, na wana sababu, kwamba logo zao zinaibwa, kwamba mtu anachukua banderoli yao, anabadilisha jina, anauza. Yule aliyechora fonti analia kilio hicho hicho. Hatuwezi kuomba heshima kwa mkono mmoja na kuinyima kwa mkono mwingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: masoko hayo yanaomba kadi ya benki, na vijana wengi hapa wanalipa kwa simu. Ni kweli. Kijana anaweza kuwa na dola 20 mfukoni na kukosa njia ya kuzituma. Hapo ndipo ninasema: basi usianzie huko. Anzia kwenye fonti ambazo wenyewe wamezifungua kwa wote.

Mlango uliofunguliwa

Kuna ruhusa moja inayoitwa SIL Open Font License, kwa ufupi OFL. Nakala yake inayotumika leo, ya 1.1, ni ya mwaka 2007. Inakuruhusu kutumia fonti kwa kazi yoyote, ya biashara ao isiyo ya biashara, katika ordinateri nyingi kadiri unavyotaka, kwenye tovuti, ndani ya programu. Unaweza kumpa rafiki, hata kwa WhatsApp, mradi fishie ya ruhusa, `OFL.txt`, isafiri pamoja nayo. Unaweza hata kuifungua na kuongeza herufi ya lugha yako.

Mipaka yake ni michache na inaeleweka. Hauwezi kuiuza fonti peke yake. Ukiibadilisha, nakala yako nayo inabaki chini ya OFL, na kama mwenyewe alichunga jina, ni lazima uite yako jina lingine. Lakini kitabu, logo ao mfuko uliotengeneza nayo ni wako kabisa, hauna deni.

Fonti nyingi za Google Fonts ziko chini ya OFL. Chache zina ruhusa nyingine zilizo wazi, na kila ukurasa unaonyesha ni ipi. Noto Sans inabeba ɛ na ɔ. Gentium na Charis zimetengenezwa zikifikiria lugha zenye alama nyingi kama zetu. Na kuna moja ambayo jina lake ni neno letu wenyewe: Andika. Ilichorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, ndiyo maana i kubwa, l ndogo na namba 1 haziwezi kuchanganywa. Shule inayochapisha kitabu cha darasa la kwanza, kwa nini itafute fonti ya kuiba wakati hiyo ipo, haina deni, na jina lake linaeleweka na mtoto?

Sisemi kwamba OFL inamaliza kila kitu. Herufi za mkono za kupendeza humo si nyingi kama sokoni, na fonti uliyochagua inaweza kuwa kwenye logo ya mtu mwingine pia. Kiliya anayetaka kitu cha pekee, na alipe. Hiyo ndiyo maana ya soko.

Jihadhari pia na wezi. Kuna kurasa zinazochukua fonti ya kulipia, zinaibandika neno `Free`, na kuigawa. Unaweza kukagua: katika Windows ya Kifaransa, bonyeza fishie kwa kitufe cha kulia, fungua `Propriétés`, kisha `Détails`. Hapo kuna jina la mwenye haki. Tafuta jina hilo kwenye interneti. Ukikuta mwenyewe anaiuza dola 40 wakati wewe umeipata bure kwenye ukurasa wa tatu, umeshika mali ya wizi, hata kama wewe si mwizi.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila emprimeri iwe na dosie moja kwa kila kazi, na ndani yake iweke ZIP nzima kama ilivyopakuliwa, fishie ya ruhusa, risiti kama ilinunuliwa, na picha ya tangazo ya siku ile, maana tangazo linaweza kubadilishwa kesho. Kila grafisti aandike mstari mmoja chini ya faktire: jina la fonti, ruhusa yake, na ni nani mwenye ruhusa hiyo, yeye ao kiliya. Na kila kiliya, awe padri, mwalimu ao mwenye duka, auweke mstari huo kuwa sharti la kulipa. Mashirika ya wafadhili yanayotoa kazi za kuchapisha yangeweza kuuomba tangu kesho, na hapo desturi ingeenea haraka kuliko kwa sheria yoyote.

Na kwa vijana wachache ambao wameanza kuchora herufi zao wenyewe na kuziuza: andikeni tangazo ambalo mngependa kulisoma. Semeni mtindo bila kutia chumvi, onyesheni herufi zote, é na ɛ pamoja na namba, semeni wazi ni kazi gani inaruhusiwa na ni fishie gani mtu atapata. Siku mkulima wa kahawa atakapochapisha mfuko wake kwa herufi zilizochorwa Bukavu, mtataka naye asome maneno yote manne, si lile la kwanza tu.